Barua ya Ishirini juu ya Ishirini

Mu mwaka ya 1976, kwa institut moja ya Kolwezi, banafunzi makumi tatu na moja balikuwa banajifunza kutapa mashini, ile ya kuandikia barua na bidole, juu ya kartoni. Kartoni ya kweli, ya sabuni. Mwalimu wabo Ngalula alikata kila kartoni na wembe, akachora herufi zote na kalamu, mustari kwa mustari, na asubuhi yote bidole bilikuwa binapiga tup, tup, tup, hakuna kitu yenye inatoka. Mutoto akikosea, Ngalula anajua paka kwa kuangalia kidole tu, juu kartoni haiandike. Mashini ya kweli ilikuwako moja. Ile moja herufi E ilikuwa imevunjika. Sasa jaribu weye kuandika Kifransa bila E, kiisha unielezee.

Mwanzo ya mwezi wa tano, inspecteur akafika. Akaangalia kartoni, akaangalia banafunzi, akapiga na ye kidole yake juu ya kartoni moja, tup, sawa mutu anajaribu kama supu iko moto.

«Tarehe makumi tatu na moja narudia,» akasema. «Nikute mashini sita. Nikikosa sita, hii section nafunga, batoto banarudi kwabo.»

Ngalula hakulala muzuri ile wiki. Baba yake alitoka Kasai kuya kutumika kwa kampani ya shaba, na ye Ngalula alikuwa mutoto wa kwanza wa ile nyumba kusimama mbele ya tableau kufundisha. Lakini haikuwa kazi yake tu. Kama section inafungwa, Ndaya anapanda treni kurudia Mutshatsha kuuzisha makala ya kupikia na mama yake. Alimasi anaenda kubeba mizigo kwa kamio ya baba yake. Kila mutoto, Ngalula alikuwa anajua fasi yenye atarudishwa.

Na mashini zilikuwako, njo kitu yenye ilikuwa inauma. Kule kwa kampani, kwa magazini, ile stoo ya Mutoshi, mashini za zamani zilikuwa zinalala chini ya vumbi, bakubwa balishanunua za mupya. Ilibakia paka kuomba. Barua moja.

Sasa préfet, mukubwa ya ile masomo, citoyen Muamba, juu siku zile batu bote balikuwa banaitana citoyen, alikuwa mutu wa kupenda kuua ndege mbili kwa jiwe ya kukopa. Akaita balimu.

«Barua tunapaswa kuandika,» akasema. «Interro ya correspondance, ule mutihani ya kuandika barua, tunapaswa kufanya. Kartasi haitoshi. Basi interro iwe ile barua. Yenye itashinda, tunatia mu enveloppe, tunatuma.»

«Na nani atakosoa?» Ngalula akauliza, juu ile kalasi ilikuwa yake.

«Tata Mukalay,» préfet akasema. «Barua iko Kifransa, na Kifransa iko ya Tata Mukalay.»

Tata Mukalay, mwalimu wa Kifransa, alikuwa na miaka makumi tano na mbili, na kalamu nyekundu mu mufuko ya shati, kila siku, hata siku ya ndoa ya mutoto wake. Namna yake ya kukosoa ilikuwa moja tangu batu wa Ulaya balikuwa bangali batawala: unaanza na ishirini, kila kosa inatosha alama moja, ni kusema inaipunguza. Ukifanya makosa makumi mbili na tano, uko na deni ya tano, utailipa interro yenye inakuya. Kulikuwa mutoto moja mu kalasi ya tatu alikuwa na deni ya kumi na nane, alikuwa anatembea sawa mwizi.

Na kulikuwa sheria ingine, ya préfet: copie, kartasi ya majibu ya interro, haiguswe paka na kalamu ya kukosoa. Kuandikia mwanafunzi kitu juu ya copie yake ni fraude, wizi ya mutihani. Sasa angalia vile hizi sheria mbili zilivyooana. Kama copie iko na kosa, Tata Mukalay anaipaka nyekundu. Ikiwa na nyekundu, haiwezi kutumwa kwa mukubwa wa kampani. Kuandika mupya haiwezekane, ni fraude, tena kila mutoto anapata kartasi moja tu kwa interro moja. Basi barua yenye inaweza kutoka mu ile masomo ni paka barua yenye haina kosa hata moja. Hakuna mutu aliuliza kama ile barua inasema kitu.

Siku ya tatu Tata Mukalay akaingia kwa bureau ya préfet na copie moja, anaishika na mikono mbili.

«Alimasi,» akasema. «Ishirini juu ya ishirini. Sijaona hii tangu nilianza kazi.»

Ngalula akasoma. Alimasi alikuwa kijana wa sauti ya polepole, baba yake Mwislamu wa upande wa mashariki, mwenye kamio, na nyumbani kwabo balikuwa banapenda maneno ya kupamba. Kifransa yake ilikuwa inaimba. Maana yake ilikuwa hivi: jua inapolala juu ya bilima bya shaba, mioyo yetu inainama mbele ya kazi yenu yenye haitakufwa, machozi inatushuka kila asubuhi juu ya utupu yenye inakaa katikati yetu, na mukono yenu, sisi bote tunajua uzito yake, itatufariji. Basi. Hakuna tarehe. Hakuna jina ya mwenye kuandikiwa. Hakuna Concerne, ile mustari ya mbele yenye inasema barua inakuya juu ya nini. Na neno mashini, hata mara moja.

«Tata,» Ngalula akasema, «hii barua inaomba nini?»

«Inaomba muzuri sana.»

«Nimesikia. Lakini nini?»

Tata Mukalay akamuangalia sawa mutu ametupa mayi mu supu yake. «Citoyenne, mi nahesabu makosa. Makosa iko zero. Zero, hata inspecteur anaijua.»

«Kuko ya kupanga barua, kuko ton ya kusemesha mutu, kuko but, ile kitu barua inaenda kutafuta. Mutu akikosa kutia sahihi, hiyo si kosa?»

«Ni kosa ya adabu. Si ya Kifransa.»

Préfet akaipanga mu enveloppe, akaandika jina ya masomo kwa mugongo, ikaenda.

Siku ine kiisha, saa ine ya asubuhi, kamio ya kampani ikaingia mu kiwanja. Banafunzi bote bakakimbilia madirisha. Ngalula akajiambia: mashini. Chauffeur akafungua nyuma, bakiwa batu bane bakashusha kitu murefu, ya mbao muzuri, na bishikio bya kungʼaa. Sanduku ya maiti. Juu yake maua, na kitambaa yenye ilikuwa imeandikwa: Direction ya kampani inalia pamoja na ninyi.

Kiisha mama mwenye kuuzisha mikate kwa mulango akaanza kulia, juu sanduku inapofika mutu analia, utauliza nyuma. Banafunzi ba kalasi ya kwanza bakafuata. Dakika tano haijaisha, nusu ya masomo inalia na nusu ingine inauliza ni nani.

«Ni nani?» préfet akauliza chauffeur.

«Njo nilikuwa nauliza, citoyen,» chauffeur akasema. Akatosha bon, kartasi ya kutia sahihi. «Hapa kuko nafasi ya jina ya marehemu. Bila jina sirudi.»

«Hakuna mutu amekufwa.»

«Citoyen, mi nafanya hii kazi miaka munane. Kila mara kuko mutu mwenye kukataa mbele.»

Bakazungumuza ile maneno nusu saa. Chauffeur akakaa juu ya sanduku, akangojea. Mwisho préfet, jasho inamutoka, akaandika pa nafasi ya jina ya marehemu: Institut. Chauffeur akasoma, akatikisa kichwa na huruma, akavua kofia, akaenda.

Sanduku bakaitia mu bureau ya balimu, juu hakuna fasi ingine. Ilikuwa ndefu. Balimu bakaanza kuwekea madaftari juu yake.

«Unaona, tata,» Ngalula akasema. Alikuwa anajikaza asicheke, na alikuwa anajikaza asilie, juu zilibakia siku kumi na sita. «Barua ilikuwa na Kifransa ya kweli, na ikaleta sanduku ya maiti.»

«Kosa ni ya wenye kusoma,» Tata Mukalay akajibu. «Batu ba kampani habasome tena kwa makini.»

Lakini na ye alikuwa amechoka kidogo. Akakubali ya kama interro ya pili banafunzi baambiwe kwa nguvu: kila mutu atie tarehe, Concerne, jina ya mwenye kutuma na ya mwenye kupokea, na aseme mashini sita. Ngalula akaandika yote juu ya tableau. Akataka kuongeza ile ya ton, namna ya kumusemesha mukubwa, lakini kengele ikalia na préfet akasema mambo ya ton kila mutu anazaliwa nayo.

Kasimu hakuzaliwa nayo. Kasimu alikuwa chef wa kalasi, mwenye kupiga filimbi asubuhi wakati bendera inapanda, na sauti yenye alikuwa anasemesha nayo mulolongo ya batoto njo sauti yenye alitia mu barua. Kupanga ilikuwa ya ajabu, kila kitu pa fasi yake. Makosa: zero. Ishirini juu ya ishirini. Na barua ilikuwa inasema: Citoyen Directeur, mutaachia mashini sita mu masaa makumi ine na munane, hatutarudilia kusema, muko munaangaliwa. Kwa juu, pale banaandika kopi inatumwa kwa nani, Kasimu alitia Chama, commissaire wa zone, commissaire wa région, na kiisha, juu kartasi ilikuwa na nafasi, «na bengine wenye banajijua».

«Hii inaenda kutuua,» Ngalula akasema.

«Inasema kitu yenye inaomba, citoyenne. Ulilia juu ya Concerne, Concerne iko. Ulilia juu ya mashini, mashini iko. Sasa unataka nini tena?»

«Aombe sawa mutu mwenye anaomba.»

Tata Mukalay akapiga kidole juu ya ile zero yake. «Hii naweza kuhesabu. Ton utaihesabu na nini, na kilo?»

Barua ikaenda.

Kule kwa kampani, mutu alifungua, akaona ile liste ya kopi, akaona ile sauti, akajua paka kitu moja: huyu mwenye kuandika ni mukubwa sana, na ameficha ukubwa yake nyuma ya jina ya masomo ili atujaribu. Mukubwa wa namna ile, unamupokea namna gani? Unamutumia groupe ya animation, benye kuimba na kucheza mbele ya bakubwa. Kesho yake, bisi mbili. Batu makumi sita na moja, bibi na bwana, mavazi moja, ngoma tatu, micro moja yenye haina umeme. Bakapanga mulolongo mu kiwanja, bakacheza kwa heshima ya mugeni mwenye hawakumuona, saa tatu nzima, juu ya jua. Préfet alilazimika kukaa pa kiti na kupunga mukono. Kila mara alijaribu kusimama, wimbo ingine inaanza.

Mashini, hapana.

Zilibakia siku saba. Na sasa magazini ya kampani ikatuma ujumbe: ile sanduku hakuna jina ya kweli juu ya bon, irudishwe Mutoshi, mutu wa masomo aje aeleze. Baba ya Alimasi akakopesha kamio. Préfet akasema tumbo inamuuma. Basi bakapanda Ngalula na Tata Mukalay, sanduku nyuma, na kila fasi balipopita batu balikuwa banavua kofia. Tata Mukalay akaanza kuwainamishia kichwa, polepole, sawa mwenye kilio. Huwezi kufanya namna ingine.

Bakaeleza kwa magazini, bakacheka, bakawatuma kwa courrier, bureau ya barua, batie sahihi. Kwa courrier, nyuma ya meza, kulikuwa mama moja mwenye serikali ilimukataza jina ya batiso lakini kila mutu wa Mutoshi alikuwa anamuita ile ile: Fidélie. Mbele yake mulima ya barua. Alikuwa anafungua na kisu, anaangalia, anatupa mu kikapo. Anafungua, anaangalia, anatupa. Bikapo bilikuwa saba, kila kimoja na jina ya service, ni kusema idara.

«Mama,» Tata Mukalay akasema, «weye njo mwenye kusoma barua zote?»

«Tata, mi sisome. Zinakuya mia moja na makumi ine asubuhi moja. Nikisoma, nani atafungua?»

«Sasa unafanya nini?»

Fidélie akainua moja, akamuonyesha na ncha ya kisu. «Hapa, kwa kushoto: nani. Hapa, kwa kuume: wapi na siku gani. Hapa katikati: Concerne. Chini: sahihi. Macho yangu inaenda fasi ine, basi. Nikikuta, najua kikapo. Nisipokuta, nasoma mustari mbili, tatu, najaribu kusikia huyu mutu eko namna gani. Analia? Service ya bilio. Anatisha? Natuma juu kwa Direction, na bo banaogopa.»

«Kuko moja ilitoka kwa institut,» Ngalula akasema polepole. «Ilisema utupu katikati yetu.»

«Aa. Pole sana, mama. Alikuwa mutu muzuri?»

Tata Mukalay alikuwa anaangalia kisu. Fidélie akafungua ingine, macho fasi ine, kikapo. Ingine. Kuko moja Tata Mukalay aliiona kwa kichwa chini, akataja kosa mbili mbele haijaanguka mu kikapo, na Fidélie akasema ndiyo, tata, lakini kesho huyu atapata mufuko yake ya bunga.

Mu kamio, kwa kurudi, Kolwezi ilipoanza kuonekana, Tata Mukalay akageuka.

«Citoyenne,» akasema. «Ile ton. Unaihesabu na nini?»

Na sasa Ngalula alikuwa na jibu, juu alikuwa ameipika ile wiki yote. Akatosha kartasi kidogo yenye alijipangia. «Tano kwa kupanga: kila kitu pa fasi yake, mwenye kutuma, mahali na tarehe, mwenye kupokea, Concerne, salamu, sahihi. Tano kwa ton: anaheshimu, hatambae chini, haamurishe. Tano kwa but: mukubwa akimaliza kusoma, anajua nani anaomba, nini, ngapi, juu ya nini, mbele ya siku gani? Mukono yake inajua kufanya nini? Tano kwa Kifransa.»

«Tano tu.»

«Tano, tata. Kosa yenye inaficha maana inatosha mingi. Yenye haifiche inatosha kidogo.»

«Na nyekundu?»

«Nyekundu hapana. Alama zote tunatia juu ya fiche, kikartasi ingine, pembeni. Copie inabakia safi. Inaweza kutoka.»

Tata Mukalay akaichukua ile kartasi, akaikunja mara mbili, akaitia mu mufuko ya shati, nyuma ya kalamu.

Interro ya tatu bakakosoa pamoja, mu bureau, na fasi ya sanduku iko wazi mupaka balimu balikuwa banajikwala juu ya kutozoea. Alimasi akapata kumi: Kifransa tano, kupanga mbili, ton mbili, but moja, juu ile mara alitaja mashini lakini aliziita «dada zetu za chuma». Kasimu, kumi na tatu na nusu. Ton yake ilikuwa imekuwa zero na nusu, na ile nusu Tata Mukalay njo alimutilia. Kiisha bakafika kwa Ndaya.

Ndaya alikuwa mutoto wa kimya, wa Mutshatsha, na Kifransa yake ilikuwa inachechemea. Tata Mukalay akasoma, mukono inaenda upande ya kalamu. Makosa kumi na mbili. Kwa hesabu ya zamani, munane juu ya ishirini, na Ndaya anaenda kujificha.

Lakini barua ilikuwa inasema: Citoyen Directeur, sisi banafunzi makumi tatu na moja ba section dactylo tunaomba, kama inawezekana, mashini sita za kutapa zenye kampani haitumie tena, zenye ziko kwa magazini ya Mutoshi. Sasa tunajifunza juu ya kartoni. Inspecteur atafika tarehe makumi tatu na moja. Akikosa mashini, section itafungwa. Tunaweza kuya kuzitwaa sisi wenyewe, kamio iko. Tunaposhukuru mbele, tunangojea neno yenu.

«Kupanga?» Ngalula akauliza.

«Ine. Alitia tarehe, alisahabu Kolwezi.»

«Ton?»

Akarudilia kusoma. «Tano. Hamukoseshe mutu heshima, na ye mwenyewe hajikoseshe.»

«But?»

«Tano.» Akasema kwa sauti ya mutu anatoa jino. «Hata ile kamio alifikiri. Mi singefikiri kamio.»

«Kifransa?»

Tata Mukalay akafungua kalamu nyekundu, akaifunga. «Kumi na mbili. Lakini hakuna moja inaficha kitu.» Akaandika juu ya fiche, pembeni, kidogo kidogo: mbili. Yote pamoja, kumi na sita. Kiisha akatia ile copie mu enveloppe ye mwenyewe, ikiwa na makosa yake yote kumi na mbili, na akalamba gundi macho imefungwa.

Siku ya tatu jibu ikarudi: ile ile barua ya Ndaya, na muhuri juu yake, «Accordé, 6», ni kusema tumekubali sita, na sahihi. Kamio ya baba ya Alimasi ikaenda, ikarudi. Mashini sita, nzito sawa mbuzi wa kufungwa miguu, kila moja na E yake. Banafunzi balizishika sawa watu banashika mutoto wa kuzaliwa. Ilikuwa tarehe makumi tatu.

Kesho inspecteur akaingia. Akahesabu mashini, mara mbili. Kiisha akaomba aone barua yenye ilizileta, na préfet, kwa furaha, akamupa.

Inspecteur akatosha kalamu ya mu mufuko yake. Nyekundu, na ye. Ngalula akaona na akajua.

«Kumi na mbili,» inspecteur akasema mwisho. «Makosa kumi na mbili, na jina ya hii masomo juu yake. Mbele ya kampani. Nani aliachia hii itoke?»

Préfet akaangalia madirisha. Ngalula akafungua kinywa, lakini Tata Mukalay alikuwa amekwisha kusimama.

«Mi, citoyen inspecteur. Niliipa kumi na sita.»

«Weye? Mukalay wa zero?»

«Mi.»

«Basi utaniandikia explication, maelezo ya kartasi. Masaa makumi ine na munane. Kwa ile explication njo nitaamua kama section inabakia. Mashini bila balimu wa kweli, mi nafanya nayo nini?»

Inspecteur akatoka. Bidole byote byenye bilikuwa juu ya mashini bilikuwa bimesimama.

Magaribi Tata Mukalay akamufuata Ngalula kwake na kurasa ine. Kifransa yake ilikuwa ya kutisha, unaweza kuitia mu kioo. Ilikuwa inaanza na miaka yake makumi mbili na tisa ya kazi, ikapita kwa ujinga ya bainspecteur tangu 1960, ikaenda kuuliza inspecteur kama aliwahi kuandika barua yenye ilileta hata kijiko.

«Kosoa,» akasema. Akamupa fiche, pembeni.

Ngalula akasoma yote. Mama yake akaleta tata kiti, chai, akatoka.

«Kupanga, tano,» Ngalula akasema. «Kifransa, tano. Ton, zero.»

«Zero?»

«Tata, unamutukana kwa ukurasa ya pili, na ya tatu, na ya ine unamutukana kwa heshima. But, moja. Akimaliza kusoma hii, mukono yake itafanya nini?»

Akafikiri. «Itanifukuza.»

«Na section?»

Akakunywa chai. «Itafungwa. Kumi na moja,» akasema. «Sijawahi kupata kumi na moja mu maisha yangu.»

«Ziko fasi zenye unaweza kupandisha.»

Akatosha kartasi moja, moja tu, na akaandika pale pale juu ya meza, Ngalula anamutazama juu ya bega. Mahali, tarehe. Concerne: explication juu ya barua ya mwanafunzi Ndaya. Citoyen Inspecteur, makosa kumi na mbili ni ya kweli, niliyaona yote. Barua ilipewa alama kwa kupanga, kwa ton, kwa but na kwa lugha. Fiche iko hapa na hii. Ilileta mashini sita. Naomba section ibakie, na ya kama namna hii ya kukosoa itumike. Makosa kumi na mbili, nitayakosoa na mutoto mi mwenyewe, kila siku ya kazi, saa munane. Salamu. Sahihi. Hakuzidisha neno. Mara mbili kalamu ilitaka kuendelea, na mara mbili aliirudisha nyuma, jasho kwa kipaji.

«Ngapi?» akauliza.

«Makumi mbili,» Ngalula akasema. «Lakini usizoee.»

Jibu ya inspecteur ilikuya wiki yenye ilifuata, mustari tatu: section inabakia, fiche ya kukosoa itumwe kwake kopi tano, citoyen Mukalay asiachie mutu kubahatisha, juu kwa barua yake alisahabu kusema mashini ziko za rangi gani, na inspecteur anataka kujua.

Tata Mukalay akaisoma kwa sauti mbele ya balimu. Nyuma ya mulango Ndaya alikuwa anamungojea na daftari, saa munane ilikuwa imepiga. Akamuambia akae, akafungua kalamu nyekundu.

«Kosa ya kwanza,» akasema. «Tuko na kumi na mbili. Hatukimbilie.»

Na kwa ngʼambo ya ukuta mashini sita zikaanza, zote pamoja, na kelele yazo ilikuwa mubaya sana mupaka préfet akakuya kuomba bapige polepole, na hakuna mutu alimusikia.